Namba Inayotenganisha Maji na Nchi

Usiku wa kuamkia Machi 15, 2019, kimbunga Idai kiliingia nchi kavu karibu na Beira, mji wa bandari katika mkoa wa Sofala, Msumbiji. Upepo ulipopungua, balaa lilikuwa bado njiani. Mvua iliyonyesha kwenye nyanda za juu za Zimbabwe na za Msumbiji yenyewe iliteremka kwa mito ya Pungwe na Buzi, ikafika tambarare ya pwani siku kadhaa baadaye na kutandaa juu ya mashamba, vijiji na barabara. Waokoaji walihitaji kujua maji yameishia wapi, lakini mawingu yalikuwa bado yametanda, na setilaiti zinazopiga picha kwa mwanga wa jua ziliona mawingu tu.

Machi 19 setilaiti ya rada ya Ulaya, Sentinel-1, ilipita juu ya eneo hilo. Picha yake ilionyesha magharibi mwa Beira eneo kubwa jeusi ambalo siku chache kabla halikuwepo, na ramani zilizotokana na picha za aina hiyo zikawafikia watu wa misaada. Kazi ninayotaka kuisifia iko katikati, kati ya picha ghafi na ramani. Ni kazi ya mtu aliyeketi mbele ya kompyuta, mwenye picha mbili za rangi ya kijivu, anayepaswa kuamua kwa kila kipande cha ardhi cha mita 10 kwa mita 10 kama kimefunikwa na maji au la. Uamuzi huo hutegemea namba moja, inayoitwa kizingiti. Upande mmoja wa namba hiyo ni mafuriko, upande wa pili ni nchi kavu. Namba yenyewe mtu yeyote anaweza kuiandika. Ufundi ni kujua iwekwe wapi, na kujua ni wapi itadanganya.

Tuanze na sababu ya maji kuwa meusi. Sentinel-1 huruka kilomita 693 juu ya dunia na haitegemei jua. Hutuma mawimbi yake yenyewe, yenye urefu wa sentimita 5.5 hivi, kisha husikiliza mwangwi unaorudi. Mawimbi ya urefu huo hupenya mawingu na giza bila shida. Jambo la msingi ni kwamba haitazami chini wima, inatazama ubavuni. Ukimulika kioo kwa tochi kutoka pembeni, mwanga unaruka upande wa pili na wewe uliyeshika tochi huuoni. Maji yaliyotulia huifanyia rada vivyo hivyo. Mawimbi yakigonga uso wa maji huruka kwenda mbele, na setilaiti haipati kitu. Yakigonga nyasi, mahindi, udongo uliolimwa au matawi ya miti hutawanyika kila upande, na sehemu yake humrudia aliyeyatuma. Kwa hiyo nchi kavu huonekana ya kijivu au nyeupe, na maji huonekana meusi.

Usawa wa uso una kipimo chake. Kwa wimbi hili na pembe hii ya kutazama, uso wenye vinundu vya chini ya sentimita moja hivi huhesabika kuwa laini. Maji yaliyotulia yanaingia humo. Lami ya uwanja wa ndege nayo inaingia, na mchanga mkavu uliosawazishwa na upepo pia. Hayo yote ni meusi kwa rada. Ndiyo maana picha moja tu, hata iliyopigwa siku ya gharika yenyewe, haimtoshi fundi mwangalifu. Weusi unamwambia kwamba hapa pana uso laini. Haumwambii kama ulaini huo umeletwa na dhoruba au ulikuwepo siku zote.

Hapo ndipo picha ya kabla inapoingia, na kwa maoni yangu nusu ya ustadi wote iko katika kuichagua. Wanaoanza huiona kama kitu cha kujazia, picha yoyote ya siku ya kawaida. Mzoefu huitafuta kama anayetafuta shahidi. Kwanza huhakikisha kwamba setilaiti ilikuwa kwenye njia ileile. Rada hii hupiga ukanda wenye upana wa kilomita 250, na pembe ya kutazama hubadilika kutoka nyuzi 29 hivi kwenye ukingo wa karibu hadi nyuzi 46 kwenye ukingo wa mbali. Shamba lilelile likitazamwa kwa pembe tofauti hutoa mwangwi tofauti bila tone moja la maji kuongezeka. Ukilinganisha picha ya alfajiri, setilaiti ikishuka kuelekea kusini, na picha ya jioni ikipanda kuelekea kaskazini, utapata mabadiliko mengi ambayo dhoruba haihusiki nayo. Mwaka 2019 setilaiti zilikuwa mbili, na kwa pamoja ziliweza kurudia njia ileile kila baada ya siku 6, kwa hiyo mwenza wa kufaa aliweza kupatikana.

Kisha kuna tarehe, na Idai inatoa somo zuri. Kabla hakijawa kimbunga, mfumo huo wa hali ya hewa ulikuwa umeshaingia nchi kavu mara moja, Machi 4, ukaleta mvua na mafuriko katikati mwa Msumbiji na kusini mwa Malawi. Baadaye ukageuka, ukarudi kwenye mlango wa bahari kati ya Msumbiji na Madagaska, na huko ndiko ulikopata nguvu kabla ya kuelekea Beira. Fikiria sasa mtu anayechora mafuriko ya mwezi huo kwa Malawi na mkoa wa Zambezia, akachukua picha ya Machi 8 au 9 iwe picha yake ya kabla. Bonde lililokwisha kujaa maji litakuwa jeusi katika picha zote mbili. Tofauti itakuwa sifuri, na ramani itasema hapakuwa na mafuriko mahali ambapo watu walikuwa tayari wamehama. Kwa tambarare ya Beira tarehe za mapema Machi zinafaa. Ukisogea kaskazini unalazimika kurudi nyuma hadi kabla ya mvua ile ya kwanza. Kompyuta haiwezi kukuonya juu ya hilo. Unalijua kwa kuifahamu historia ya dhoruba yenyewe.

Beira pia iko kando ya bahari ambayo maji yake hupwa na kujaa kwa tofauti ya mita 6 hivi wakati wa bamvua. Picha ya kabla ikipigwa maji yakiwa yamekupwa na ya baada yakiwa yamejaa, tope lote la mdomo wa Pungwe litaonekana kama limefurika. Fundi hufungua jedwali la kupwa na kujaa, huangalia saa ya setilaiti kupita, kisha hujua ukanda upi wa pwani asiuamini.

Picha mbili zikishapatikana, huja usafishaji. Picha ya rada ikitazamwa kwa karibu imejaa chenga, kama televisheni ya zamani iliyopoteza stesheni. Shamba moja lenye mazao ya aina moja lina pikseli nyeupe na nyeusi zilizochanganyika, kwa sababu mwangwi kutoka vitu vingi vidogo ndani ya pikseli moja huongezana au kufutana. Dawa yake ni kutafuta wastani wa kila pikseli na jirani zake, kwa mfano katika nusu kipenyo cha mita 50. Chenga hupungua, lakini kila unapolainisha unapoteza kitu: mfereji mwembamba au tuta la barabara lililobaki kavu katikati ya maji huyeyuka ndani ya wastani huo. Tuta kama hilo huenda ndilo watu walilokimbilia. Kwa hiyo fundi hulainisha kiasi cha kuwezesha uamuzi, hazidishi.

Nguvu ya mwangwi huandikwa kwa desibeli. Namba hizi huwa chini ya sifuri, na kila inaposhuka kwa 10, mwangwi umebaki sehemu moja ya kumi. Rada hii hutoa picha za aina mbili kwa mpito mmoja, VV na VH. Katika VV, wimbi limetumwa likiwa wima na kupokelewa likiwa wima. Katika VH, limetumwa wima na kupokelewa limelala. Mimea hutoa VH nyingi kwa sababu matawi hulipindua wimbi. Nchi yenye mimea mara nyingi huwa kati ya -12 na -18 katika VH, na maji huteremka hadi -24 au chini zaidi. VV hutofautisha maji na nchi vizuri sana maji yakitulia, ila upepo ukivuma na kuyakwaruza, VV huyaona kama nchi. VH haiyumbishwi sana na upepo. Ndiyo maana baada ya kimbunga, wakati hewa bado haijatulia, wengi huanza na VH.

Sasa kizingiti. Ukichukua kipande cha picha chenye maji na nchi kwa kiasi cha kutosha, ukahesabu pikseli ngapi zina -26, ngapi -25, ngapi -24, na kuendelea, chati yake hutoa vilima viwili: kimoja cha maji upande wa kushoto, kingine cha nchi upande wa kulia, na bonde katikati. Kizingiti kinakaa bondeni. Mwaka 1979 Nobuyuki Otsu wa Japani alichapisha njia ya kulitafuta bonde hilo kwa hesabu: unajaribu kila namba, na unachukua ile inayoyatenga makundi mawili kwa umbali mkubwa kuliko zote. Ni njia fupi, na hadi leo inatumika kila siku.

Lakini chati hukubali kuwa na vilima viwili pale tu maji yanapokuwa mengi. Picha nzima ya Sentinel-1 ina upana wa kilomita 250, na humo mafuriko huenda yakawa sehemu ndogo sana. Kilima cha maji humezwa na mkia wa kilima cha nchi, na hesabu ya Otsu, kwa kuwa lazima itoe jibu, hulikata kundi la nchi kavu lenyewe katikati. Utaijua hali hiyo mara moja: ramani inatoka na madoa ya mafuriko kila mahali, hadi vilimani. Mwaka 2009 watafiti wa Kituo cha Anga cha Ujerumani walichapisha njia ya kuikwepa. Picha hukatwakatwa vipande, huchaguliwa vile tu ambavyo ndani yake maji na nchi vimekutana, na kizingiti husomwa kwenye hivyo. Kinachonivutia hapo ni kwamba hesabu inaiga alichokuwa akifanya mtu mwenye uzoefu kwa jicho: anasogeza picha hadi kwenye ukingo wa mto, anasoma chati ya hapo, na huko katikati ya mashamba hagusi.

Njia nyingine ni kuweka kizingiti juu ya tofauti kati ya picha mbili, badala ya kukiweka juu ya picha moja. UN-SPIDER, programu ya Umoja wa Mataifa inayosaidia nchi kutumia taarifa za anga za juu wakati wa maafa, imechapisha hatua za kazi hii kwa ajili ya Google Earth Engine, na mfano walioutumia ni Beira na Idai. Kiini chake ni mistari miwili, ambayo kwa majina ya Kiswahili ingeandikwa hivi:

```
var uwiano = baada.divide(kabla);
var mafuriko = uwiano.gt(1.25);
```

Picha ya baada inagawanywa kwa picha ya kabla, na palipozidi 1.25 panahesabiwa kuwa pamefurika. Kwa kuwa namba zote ziko chini ya sifuri, mwangwi ukishuka uwiano unapanda. Tuchukue pikseli ya shamba la mahindi: kabla ilikuwa -15, baada ni -25. Uwiano ni 1.67, imevuka kizingiti, na ni sawa kabisa, maana mwangwi umebaki sehemu moja ya kumi na -25 ni namba ya maji.

Chukua nyingine, ya ardhi tupu yenye mchanga ambayo hata kabla ya dhoruba ilikuwa nyeusinyeusi, -20. Baada ya dhoruba imeshuka hadi -24, ambayo huenda ni maji. Uwiano wake ni 1.2, kwa hiyo imeachwa nje. Sasa ya tatu, yenye miti, iliyokuwa -12 na sasa ni -15.2. Uwiano wake ni 1.27, nayo imeingia kwenye ramani kama mafuriko, ingawa hakuna maji yaliyotulia yanayotoa mwangwi mkubwa namna hiyo katika VH. Huenda upepo umeangusha majani au kuvunja matawi.

Chanzo cha hitilafu hiyo ni kwamba picha zilizomo kwenye mkusanyiko wa `COPERNICUS/S1_GRD` tayari ziko katika desibeli. Desibeli ni logariti. Mtu anayetaka kujua mwangwi umepungua mara ngapi anapaswa kutoa, si kugawanya. Ukigawanya, kizingiti kilekile cha 1.25 kinadai mshuko wa desibeli 3 kwa eneo lililoanza na -12, na mshuko wa desibeli 5 kwa eneo lililoanza na -20. Namba ni moja, ila masharti yake hubadilika kulingana na rangi ya ardhi ilivyokuwa awali. Katika tambarare yenye mimea mingi kama ile ya Sofala mwezi Machi jambo hili halisumbui sana, kwa sababu nchi karibu yote inaanzia namba zinazokaribiana, na ndiyo maana njia inafanya kazi vizuri. Ukiipeleka kwenye nchi kame yenye mchanga, itakosa maji mengi. Mwenye ujuzi hutoa badala ya kugawanya, kisha huongeza sharti la pili:

```
var mshuko = kabla.subtract(baada);
var mafuriko = mshuko.gt(3.5).and(baada.lt(-20));
```

Maana yake ni kwamba mwangwi uwe umeshuka, na pia mahali uliposhukia pawe pa maji. Ile pikseli ya mchanga sasa inaingia, kwa sababu imeshuka kwa 4 na kufika -24. Ile ya miti inatoka. Namba 3.5 na -20 nimeziweka kwa mfano. Zinapaswa kusomwa kwenye chati ya eneo husika, pale bonde lilipo.

Baada ya hapo hufuata kupogoa. Maji ya kudumu huondolewa kwa kutumia ramani ya maji ya dunia iliyotengenezwa na Kituo cha Pamoja cha Utafiti cha Umoja wa Ulaya: palipo na maji miezi 10 au zaidi kwa mwaka ni mto au ziwa, si mafuriko. Miteremko inayozidi asilimia 5 huondolewa, kwa kuwa maji hayatuami hapo na weusi wake ni kivuli cha rada. Vikundi vidogo visivyofika pikseli 8 zilizoshikana navyo hufutwa, kwa sababu vingi ni masalia ya chenga. Hatua hizi ni za kawaida, ingawa ile ya mwisho inanifanya nisite kila mara, maana kidimbwi halisi nacho kinaweza kuwa kidogo hivyo.

Kinachobaki kigumu ni pale ambapo mafuriko huongeza mwangwi badala ya kuupunguza. Maji yakiingia chini ya matete marefu au mikoko, wimbi hugonga uso wa maji, likaruka hadi kwenye shina, kisha likarudi moja kwa moja kwenye setilaiti. Mahali hapo panang'aa kuliko palivyong'aa pakiwa pakavu. Mjini hali ni hiyohiyo, kwa kuta badala ya mashina: mtaa wa Beira uliojaa maji kati ya nyumba unaweza kuonekana mweupe zaidi kuliko kabla, na kizingiti kinachotafuta weusi kitaupita bila kuuona. Kwa hiyo ramani ya aina hii huonyesha vizuri maji ya mashambani na hunyamazia mitaa ambako watu wengi wanaishi. Fundi mwaminifu huitazama ile tofauti kwa upande wake wa pili pia, pale mwangwi ulipopanda kwa nguvu karibu na maji yaliyo wazi, na hupachora kwa rangi nyingine, kama eneo la kukaguliwa.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote hufanywa mwishoni na huchukua dakika chache. Kizingiti husogezwa kidogo, kwa mfano mshuko wa 3, kisha 3.5, kisha 4, na ramani tatu zinalazwa juu ya nyingine. Kwenye kingo za Buzi, ambako maji yamekutana na nyasi kwa mpaka mkali, mistari mitatu hukaribia kuwa mmoja. Kwingineko mistari huachana kwa mamia ya mita: kwenye mashamba ya mpunga yaliyokuwa na maji hata kabla, kwenye tope la pwani, kwenye vichaka vilivyozama nusu. Eneo lililo kati ya mistari hiyo halipewi rangi ya mafuriko wala rangi ya nchi kavu. Huwekewa michirizi, na pembeni ya ramani huandikwa tarehe na saa ya picha zote mbili, aina ya wimbi lililotumika na kizingiti kilichochaguliwa, ili mwenye boti au helikopta ajue sehemu ipi ya mstari anaweza kuifuata na ipi aende kuitazama mwenyewe.